Simulizi fupi: Shavu la Kulia (mnaojua milima na mnaojua picha, nikosoeni)

MwandikaUsiku

Wakuu, habari za muda huu. Nina simulizi fupi, na kabla sijaipeleka popote naomba mnisaidie jambo moja: je, namna huyu bwana anavyokamatwa inashika? Lugha nitasahihisha mwenyewe. Ninachoogopa ni mtu aliyewahi kupanda mlima asome mpaka mwisho, kisha acheke mahali ambapo sikukusudia kuchekesha.

Mlima sijautaja makusudi. Jueni tu kwamba uko karibu na ikweta, juu una barafu, na watu huondoka kambi ya mwisho usiku wa manane ili wafike kileleni alfajiri.

SEHEMU YA KWANZA

Sefu alirudi kutoka mlimani midomo imepasuka na pua inambambuka, na watu wakaamini hata kabla hajafungua kinywa. Bosi alimshika bega akauliza, "Kwa hiyo umefika juu kabisa?" Lilihitajika neno moja tu. Sefu akatabasamu. Kutabasamu si kusema uongo, alijiambia usiku huo akiwa amelala chali anaangalia dari.

Ukweli ni kwamba aliishia kambi ya mwisho, mita 4,700. Jioni ile walikaguliwa vifaa. Mwongozaji alimtaka kila mmoja avae kila atakachovaa usiku, kuanzia soksi hadi taa ya kichwani, ajionee kinachobana na kinachopitisha upepo. Sefu akavaa jaketi lake jekundu lenye jina la kampuni kifuani, akamwomba mtu wa hema la jirani ampige picha. Ilikuwa saa kumi na moja, jua limeinama, mwanga unamjia kwa pembeni na kumwangaza shavu la kulia. Hakuwahi kutoka vizuri hivyo kwenye picha yoyote.

Saa nne usiku kichwa kikaanza kugonga. Saa tano akatapika. Mwongozaji akamwambia atembee kwenye mstari ulionyooka kati ya mahema mawili, kisigino cha mguu wa mbele kiguse vidole vya mguu wa nyuma. Sefu akayumba. Akaomba arudie, akayumba zaidi. Kabla hajaomba tena, mwongozaji alikuwa ameshamwita msaidizi wa kumshusha. Wengine walipoanza kupanda saa sita, taa zao zimejipanga kwenye giza, yeye alikuwa anateremka upande wa pili ameshikwa mkono kama mtoto.

Kwa hiyo picha alikuwa nazo nyingi, isipokuwa ile moja inayotakiwa. Siku ya kwanza kazini alisema simu iliganda kwa baridi. Siku ya pili alisema kuna mtu atamtumia. Usiku wa siku hiyo akawasha kompyuta.

Picha ya kilele aliitoa kwenye ukurasa wa mtu asiyemjua, iliyowekwa miaka mingi nyuma. Aliichagua kwa akili. Haikuwa na watu. Haikuwa na bango, maana bango lina maandishi na hubadilishwa, na mjuzi akiliona atakwambia ni la mwaka gani. Ilikuwa na uwanda wa mawe, ukuta wa barafu nyuma, na jua la alfajiri lililolala chini sawasawa na lile la jioni kule kambini. Vivuli virefu huku, vivuli virefu kule. Rangi ya chungwa huku, rangi ya chungwa kule.

Tatizo likabaki moja. Jua la kambini lilitokea kushoto kwa picha, la kileleni lilitokea kulia. Alipojiweka pale akaonekana mtu mwenye jua lake binafsi. Akajaribu kujigeuza yeye, lakini jina la kampuni likasomeka kinyumenyume. Akaona heri augeuze mlima. Akabofya mara moja tu, barafu na mawe na jua vikahamia upande wa pili, na kila kitu kikakaa.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya subira. Alichora kivuli kuanzia kwenye viatu, akakipitisha juu ya mawe kwa kufuata mabonde yake, akakififisha kadiri kinavyokwenda mbali. Alilainisha ukingo wa jaketi lisionekane limekatwa kwa mkasi. Akapaka theluji kwenye ncha za viatu. Saa tisa usiku alirudi nyuma kwenye kiti, akaitazama picha, na kwa muda akasahau kabisa kuwa hakuwahi kufika.

(Sehemu ya pili naiweka baadaye kidogo.)

---

Kibonge_wa_Mtaa

Nimeshakaa siti ya mbele. Huyo Sefu anafanya kazi kampuni gani? Watu wa aina hii waanikwe.

MwandikaUsiku

Mkuu, ni simulizi. Sefu nimemtunga.

FundiPicha

Nimefanya kazi ya kusafisha picha kwa muda mrefu, na nasema wazi: hapo pa kugeuza mlima umenishika. Ndivyo wanavyofanya hasa. Anayeunganisha picha mbili huhangaika na rangi kwanza, kumbe rangi ni rahisi. Kinachomshinda ni mwelekeo wa mwanga, maana huwezi kuutoa mwanga uliokwishaukalia uso wa mtu. Uvimbe wa pua, mkunjo wa shingo, kila kitu kimeshachongwa na lile jua la awali. Basi mtu anageuza kimoja kati ya viwili.

Kugeuza kuna faida nyingine ambayo Sefu hakuifikiria: kunausumbua utafutaji wa picha mtandaoni, kwa hiyo picha ya asili haichomozi upesi.

Nina kasoro moja. Umesema alichora kivuli, hukusema kwa rangi gani. Wanaoanza huchora cheusi. Kivuli kwenye theluji siku ya anga safi kina ubuluu, kwa sababu pale ambapo jua halifiki bado anga linafika. Ukiona mtu amesimama kwenye theluji na kivuli chake cheusi tii wakati vivuli vya mawe jirani vina ubuluu, usitafute ushahidi mwingine.

Mzee wa Hoja

Mnazunguka mbuyu. Picha ina taarifa zake ndani ya faili: saa iliyopigwa, simu iliyopiga, hata mahali. Fungua taarifa hizo, uongo umekwisha. Simulizi ingekuwa ya aya moja.

FundiPicha

Mzee wangu, hapo uko sahihi nusu. Taarifa hizo zipo kwenye faili lililotoka moja kwa moja kwenye kamera. Picha ikishapita kwenye programu za kutumiana ujumbe, nyingi huzifuta. Na anayetaka anaziandika upya, saa yoyote, mahali popote. Zikikosekana hazithibitishi kitu, na zikiwepo zinathibitisha tu kwamba kuna mtu aliziacha ziwepo. Mimi huziangalia mwisho.

Shangazi Mpole

Mimi naomba niulize la kwangu. Picha ya harusi yangu, kaka yangu alikuwa safarini, mpiga picha akamwingiza baadaye, kasimama nyuma ya mama. Iko ukutani mpaka leo na wageni tunawaambia "huyu ni kaka". Je, na mimi ni Sefu?

Kibonge_wa_Mtaa

Shangazi wewe huna kesi, kaka yako ni kaka yako kweli.

Shangazi Mpole

Lakini hakuwepo.

Mkwea Miamba

Nimeongoza watu milimani, ngoja niseme ya huku. Kile kipimo cha kutembea kisigino kwa vidole kipo na kinatumika kweli. Kichwa kuuma na kutapika vinaweza kusubiri kidogo mnaangaliana, lakini mtu akianza kuyumba ujue ubongo umeanza kuvimba, na hapo mazungumzo yamekwisha, anashushwa usiku huohuo. Kwa hiyo mwongozaji wako hakuwa mkali, alikuwa anafanya kazi. Na kushuka ndiyo dawa yenyewe. Mtu anaweza kuyumba juu, na akifika chini ya kutosha akarudi akili zake, mpaka akashangaa kwa nini alishushwa. Hilo lingemfaa Sefu. Angejishawishi kuwa angeweza kufika, wamemwonea, kwa hiyo picha ni ya haki yake.

Hao ndio wengi ninaowajua. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga mlima hana haja ya kudanganya. Anayedanganya ni yule aliyekaribia.

MwandikaUsiku

Mkwea, hilo la "wamenionea" sikuliwaza na naliiba. Haya, sehemu ya pili.

---

SEHEMU YA PILI

Picha ikawekwa kwenye fremu na kutundikwa kwenye ukuta wa mapokezi. Mgeni akiulizia, Sefu anaitwa aje aeleze. Ili asijikanyage, aliisoma picha ile kama mtu anayejiandaa na mtihani. Alijua jiwe kubwa liko mkono gani, barafu inaanzia wapi na kuishia wapi, jua linatokea upande upi. Kila akisimulia hakuwa anakumbuka, alikuwa anasoma, na kwa sababu alisoma kila siku alisoma vizuri.

Bi. Rukia alikuja kukagua hesabu za mwisho wa mwaka. Mama wa makamo, mpole, wa kalamu mbili kwenye mfuko wa shati. Alisimama mbele ya fremu muda mrefu kuliko wageni wengine.

"Na mimi niliwahi kufika," akasema. "Zamani. Hongera sana, mwanangu."

"Asante, mama."

"Mlifika saa ngapi?"

"Jua linachomoza. Yaani tumefika, nalo linatoka."

"Kama sisi. Na ile baridi! Nakumbuka tuliipa barafu mgongo tupigwe picha, jua likaanza kunipasha shavu moja, la pili limekufa ganzi. Wewe lilikupasha lipi?"

Sefu hakufikiri. Alinyanyua mkono akagusa shavu la kulia, na akaligusa vizuri, kwa kiganja chote, kwa sababu hilo ndilo lililong'aa kwenye picha, na kwa sababu jioni ile kambini jua lilimpasha hilohilo kweli.

Bi. Rukia alikuwa ameshika la kushoto.

"Barafu ilikuwa nyuma yako?"

"Nyuma, mama, si inaonekana?"

"Na ilikuwa asubuhi."

"Alfajiri kabisa."

Bosi akacheka. "Jamani, shavu tu."

Bi. Rukia hakucheka wala hakukasirika. Akatoa simu, akapekua mpaka akaipata picha yake ya zamani, picha ya karatasi iliyopigwa tena kwa simu. Akaliangalia lile jiwe kubwa. Akaangalia fremu. Kisha akaomba ruhusa, akaishusha fremu kutoka ukutani, akatembea nayo hadi kwenye kioo kilicho kando ya mlango, akaielekeza kwenye kioo na simu yake akaishika pembeni.

Ndani ya kioo mlima ulikaa sawa. Jiwe lilirudi lilipokuwa kwenye picha yake, barafu ikapungua kuelekea upande uleule, jua likatokea kulia. Kitu pekee kilichoharibika ni Sefu, jina la kampuni kifuani kwake likisomeka kinyume.

Bosi alilisoma lile jina herufi kwa herufi, kuanzia mwisho.

"Nilifika mita 4,700," Sefu akasema.

"Ni juu sana," Bi. Rukia akajibu, akamrudishia fremu, akaenda kukagua hesabu.

MWISHO.

---

Kibonge_wa_Mtaa

Hapo kwenye kioo nimesimama peke yangu chumbani. Umetisha mkuu. Lakini afukuzwe!

Mzee wa Hoja

Imeandikwa vizuri, ila ushahidi una tundu. Sefu angesema alipiga jioni. Ukiipa barafu mgongo na jua liko mkono wa kulia, basi hilo jua ni la machweo. Picha haina kosa lolote! Bibi mkaguzi kashindwa kesi.

Mkwea Miamba

Mzee, umepiga hesabu vizuri. Tuseme barafu iko kaskazini mwa kilele. Ukiipa mgongo unatazama kusini, mashariki iko mkono wa kushoto, magharibi mkono wa kulia. Kwa hiyo ndiyo, ukiangalia jua peke yake, picha ile iliyogeuzwa inaweza kuwa ya mtu aliyekuwa kileleni jioni; jiwe na barafu ndivyo vingemsuta.

Tatizo ni kwamba jioni kule juu watu ni nadra mno. Tunaondoka usiku ili tufike asubuhi, tukae muda mfupi, tushuke kabla mawingu hayajapanda na kabla miguu haijakata tamaa. Atakayesema alikuwa kileleni machweo nitamuuliza alishukaje gizani, na nani alimruhusu. Lakini muhimu zaidi, Sefu mwenyewe kasema alfajiri, tena kasema mara mbili. Hapo ndipo mwandishi kaicheza vizuri: jua la kwenye picha peke yake lisingemfunga, kilichomfunga ni mdomo wake ukijumlishwa na picha.

Mzee wa Hoja

Basi kosa lake ni kujibu maswali. Angekaa kimya.

FundiPicha

Nakubaliana na Mzee safari hii. Picha iliyogeuzwa ni uongo ambao ndani yake hauna mshono. Mwanga wote unapatana, kivuli kinapatana, ukipima pembe zinakubali. Inagongana na dunia tu, kwa hiyo lazima apatikane mtu anayeijua dunia ile.

Ila MwandikaUsiku, kuna swali wasomaji watakuuliza: kwa nini asijigeuze yeye kisha ayarudishe maandishi ya kifuani peke yake? Ni kazi ya dakika chache. Jibu ninalolijua mimi ni la ajabu kidogo. Angejigeuza, yeye mwenyewe asingeona kasoro, kwa sababu uso uliogeuzwa ndio anaouona kila asubuhi kwenye kioo. Wenzake ndio wangeona kuna kitu: mstari wa nywele umehama, nyusi iliyopanda imekuwa nyingine, kovu limeruka upande. Wasingejua ni nini, wangesema tu "hapa hukutoka vizuri". Nina wateja walionirudishia picha kwa sababu hiyo. Ukiweza, mpe Sefu kovu.

Mkwea Miamba

Na mimi nina manung'uniko mawili.

Kwanza, hakuna mtu anayekumbuka shavu. Nimefika juu mara nyingi na siwezi kuapa. Kule juu hewa unayovuta ina karibu nusu ya oksijeni ya usawa wa bahari, akili inafanya kazi kwa shida, watu wanasahau hata nani aliwapiga picha. Bi. Rukia kukumbuka shavu baada ya miaka yote hiyo ni zawadi umempa. Afadhali angeanza na jiwe, akaenda kwenye picha yake, ndipo shavu lije kama swali la kumpima Sefu tu.

Pili, mwezi. Hujasema walipanda mwezi gani, na inaleta tofauti. Jua halichomozi mashariki kamili mwaka mzima. Karibu na ikweta, mwezi wa Juni linachomoza likiwa limeegemea kaskazini kwa nyuzi kama 23. Mtu anayetazama kusini litampiga kutoka nyuma ya sikio, shavu kwa mbele linabaki kwenye kivuli. Desemba linaegemea kusini kwa kiasi hichohicho, na hapo linakuja mbele kidogo, shavu linapata mwanga mzuri kama ulioandika. Ukiwapandisha Juni picha yako haipo. Na ukiwapeleka mlima wa kaskazini ya mbali kabisa wakati wa kiangazi, jua linachomoza kaskazini-mashariki au hata halizami, hesabu yote ya mkono wa kushoto na kulia inavurugika.

MwandikaUsiku

Hili la mwezi limeniumiza kichwa kwa njia nzuri. Bi. Rukia na Sefu wote wawili watapanda mwishoni mwa Desemba. Ukaguzi nitausogeza uwe wa baadaye.

Jirani wa Saba

Nauliza tu, hivi vitu vinatokea kweli au ni vya hadithi? Nani ahangaike hivyo kwa ajili ya mlima?

Mkwea Miamba

Vinatokea, na ni vya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1906 daktari Mmarekani Frederick Cook alitangaza kuwa amefika juu ya Denali, mlima mrefu kuliko yote Amerika Kaskazini, mita 6,190. Akatoa picha ya mwenzake, Ed Barrill, amesimama kwenye ncha ya mwamba na bendera mkononi. Picha haikuunganishwa na kitu chochote, ni picha ya kweli ya mtu wa kweli kwenye mwamba wa kweli. Ila mwamba wenyewe siyo. Mwaka 1910 Herschel Parker na Belmore Browne, ambao walishiriki sehemu ya safari yake ya 1906, walirudi kule na ile picha, wakatafuta mpaka wakausimamia mwamba uleule na kupiga picha ileile. Ni kilima kidogo ambacho hakifiki hata mita 2,000, kiko kama kilomita 30 kutoka kileleni. Mpaka leo kinaitwa Kilele Bandia. Waliofika juu kweli kwa mara ya kwanza ni kundi la Hudson Stuck, mwaka 1913, na aliyetangulia kukanyaga kilele ni Walter Harper, kijana mwenyeji wa Alaska.

Mzee wa Hoja

Na huyo Barrill alisemaje? Yeye si alikuwepo?

Mkwea Miamba

Mwaka 1909 aliapa kwa maandishi kuwa hawakufika. Wafuasi wa Cook wakadai kahongwa ili aseme hivyo, maana wakati huo Cook alikuwa anagombana na Robert Peary kuhusu nani alitangulia Ncha ya Kaskazini. Ndiyo maana nasema ushahidi wa mtu una ubishi wake. Mwamba haukuwa na upande wa kuchukua.

FundiPicha

Na wa kompyuta wapo pia. Mwaka 2016 wanandoa wawili, askari polisi wa India, walitangaza wamefika Everesti, na Nepali ikawapa vyeti. Baadaye mpandaji mwingine wa India akasema picha za kileleni ni zake, wao wamejibandika juu yake. Waliochunguza wakaona pia nguo na viatu vilibadilika rangi kati ya picha moja na nyingine, kitu ambacho huwezi kukifanya njiani kwa baridi ile. Nepali ikafuta vyeti na kuwapiga marufuku miaka 10.

Angalieni walikamatwaje: mwenye picha aliitambua picha yake. Mara nyingi inakuwa hivyo. Mambo ya vivuli na pembe tunayaleta baadaye kuthibitisha. Mawingu ndiyo ninayoyapenda zaidi kwa kazi hiyo. Weka picha mbili moja juu ya nyingine, washa na kuzima ya juu. Wingu halikai umbo moja kwa dakika tano, kwa hiyo mikunjo ikilingana mpaka ya pembezoni, hizo si picha mbili za siku mbili, ni picha moja.

Shangazi Mpole

Kwa hiyo vyeti walipewa kwanza? Basi cheti nacho si kitu.

Mkwea Miamba

Cheti kinamtegemea anayetia sahihi, shangazi. Na hapo MwandikaUsiku kuna tundu jingine: kazini kwa Sefu hakuna hata mmoja aliyeuliza cheti? Milima mingi mikubwa mtu anashuka nacho.

MwandikaUsiku

Kuna aya niliikata, Sefu anasema kililowa kwenye begi. Niliikata kwa sababu alishasema simu iliganda, nikaona visingizio viwili vinafanana mno.

Kibonge_wa_Mtaa

Hapana irudishe, waongo ndivyo walivyo, kila kitu chao kimelowa au kimeganda.

Jirani wa Saba

Mimi nina shida na Bi. Rukia. Alikwenda kukagua hesabu, akamdhalilisha kijana wa watu mbele ya bosi wake. Angemwita pembeni.

Shangazi Mpole

Alimwita "mwanangu", akamuuliza taratibu, akamwambia mita 4,700 ni juu sana. Angetaka kumdhalilisha angepiga kelele.

Jirani wa Saba

Aliishusha fremu, shangazi. Huwezi kuishusha fremu ukutani kwa siri.

Mzee wa Hoja

Kazi yake ni ukaguzi. Kaona karatasi mbili hazilingani, kaziweka pamoja. Ningekuwa bosi ningekimbilia kuuliza hesabu za Sefu zikoje.

FundiPicha

Naomba kitu kimoja cha kiufundi kwenye tukio la kioo. Fremu yenye glasi ukiielekeza kwenye kioo, nayo inarudisha mwanga, unaweza usione chochote isipokuwa taa ya mapokezi na uso wa bibi mwenyewe. Ama umpe fremu isiyo na glasi, ama aiinamishe kidogo mpaka mng'ao uondoke. Ukimfanya aiinamishe unapata sekunde mbili ambazo Sefu anajua kinachokuja na wengine hawajajua.

MwandikaUsiku

FundiPicha, ataiinamisha. Na kivuli kitakuwa na ubuluu, Sefu si mvivu kiasi hicho. Kovu sijaamua. Narudia sehemu ya pili yote, nianze na jiwe, shavu lifuate.

Kibonge_wa_Mtaa

Na sehemu ya tatu lini? Tunataka kujua kama alifukuzwa.